Maswali Sita Mlangoni pa Ghala

Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema mapema ili asiyetaka kusoma maneno ya mtu wa darasa la tatu aweke kitabu chini, akaendelee na shughuli zake. Nilianza na ukuli bandarini Mtwara, nikapanda nikawa mhesabu magunia, nikaishia mpima ubora wa korosho ghalani. Baadaye nilinunua mashamba yangu upande wa Naliendele, na mwisho nikajenga pale Chikongola ghala la vyumba vitatu na ukumbi mdogo mbele. Hakuna aliyenipa tofali hata moja. Kiingereza nilikiokota bandarini, kwenye meli, kwa kugombana na watu wa winchi. Hakikuwa kizuri, ila kilifika. Kwa miaka mingi niliamini kinanitosha mimi na ukoo wangu wote.

Ghala lilipokosa kazi baada ya msimu, akaja binti mmoja mwalimu. Kwao ni Kagera, aliletwa huku na kazi ya serikali, anafundisha sekondari. Alitaka vyumba vyangu jioni, kuanzia saa kumi na moja, afundishe watu wazima Kiingereza. Nilimuuliza watu wazima gani hao wenye muda. Akanihesabia kwa vidole: mlinzi wa mitambo ya gesi, mhudumu wa nyumba ya wageni, karani wa bandari, mama wa kikundi cha kubangua korosho ambaye mnunuzi wa kigeni akija anabaki kutabasamu tu. Nikamwambia chukua funguo.

Muhula wa kwanza ulimvunja moyo, na chanzo kilikuwa mtihani. Alikuwa ameupata mtandaoni, kurasa nane, maswali mia, ya kuchagua herufi. Kusudi lake lilikuwa zuri. Alitaka kujua nani aanze wapi, asije akamchanganya asiyejua kitu na anayejua mengi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ukumbini nikaona. Baba mzima, ana wajukuu, ameshika kalamu kama ameshika nyoka. Mama mmoja alifika ukurasa wa pili, akakunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba wake, akaondoka nayo. Karani wa bandari, ambaye mimi mwenyewe nimemsikia akiongea na mabaharia bila kukwama, alipata alama za chini kwa sababu macho yake hayasomi haraka. Na kijana wa dukani aliyekariri vitabu alipata za juu, ukimsalimia kwa Kiingereza anageuka ukuta. Mwezi haujaisha, nusu ya watu hawapo.

Alikuja kwangu siku moja mchana, akakaa kwenye gunia, hakutaka hata kiti.

"Mzee, nitajaribu muhula mmoja zaidi," akasema. "Wakiondoka tena, nafunga. Naomba uhamisho, nirudi kwetu."

"Unanitisha?"

"Nakuambia ukweli. Mtu mzima akiaibika siku ya kwanza, harudi. Na nikimweka darasa lisilo lake anaaibika kila siku."

Nina watoto saba, hakuna aliyewahi kuniambia ukweli wake akiwa amenitazama usoni hivyo. Nilijua tu sitaki huyu mtoto aondoke Mtwara kwa sababu ya karatasi.

Nikamuuliza, "Kwani lazima maswali mia?"

"Maswali mengi ndiyo yanapima vizuri."

"Nani kakudanganya?"

Nikamchukua hadi kona ya ghala, kulikuwa na shehena ndogo ya jirani, magunia kama arobaini. Nikamwambia, mimi nilikuwa napewa mzigo wa magunia mia tano, na niseme kabla ya adhuhuri kama ni daraja la kwanza au la pili. Nilikuwa sipasui korosho zote. Nachoma bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea, gunia la juu, la kati na la chini kabisa, namwaga kwenye sinia, nachanganya, napima kilo moja. Hiyo ndiyo napasua moja moja, natenga nzima, zenye madoa na zilizooza. Kilo moja inasema habari ya lori zima, mradi umeichukua kwa haki.

Akatoa daftari. Huyu binti akitoa daftari, ujue umeingia kazini.

"Na ukipata mzigo ulio katikati?" akauliza. "Si wa kwanza kabisa, si wa pili kabisa?"

"Huo narudia. Ulio wazi siurudii, wa nini kupoteza muda? Narudia wa mpakani peke yake."

Aliandika hilo neno, mpakani, akalipigia mstari. Kuanzia hapo tukawa tunafanya kazi pamoja, mimi na yeye, jioni kwa jioni, nami nilijifunza kwamba kazi yake ni kama yangu, ila korosho zake zina masikio na zinaona haya.

Alinieleza hivi. Ana vyumba vitatu, kwa hiyo madarasa matatu: la chini, la kati na la juu. Madarasa matatu yana mipaka miwili tu. Hahitaji kujua kila kitu anachokijua mtu. Anahitaji kujua mtu yupo upande gani wa mpaka wa kwanza, na kama ameuvuka, yupo upande gani wa ule wa pili. Basi. Huu si mtihani wa kufaulu na kufeli, alisema, ni wa kumwonyesha mtu mlango wake. Maswali yanayokaa mbali na mipaka ni mzigo wa bure. Ukimuuliza mtu jina lake kwa Kiingereza, kila mtu anajua, hata asiyejua kitu. Hujapata habari yoyote. Ukimuuliza jambo ambalo hata wa darasa la juu hawezi, hujapata habari vilevile.

Akaandika maswali ishirini ya kuulizwa kwa mdomo. Halafu akafanya jambo lililonifurahisha sana. Hakuyaamini. Akawaita watu ambao uwezo wao alikwishaujua, wale waliobaki muhula uliopita na rafiki zao wachache: dhaifu, wa kati, na wazuri. Akawauliza yote ishirini, mmoja mmoja, nami nimekaa pembeni naandika vijiti, kimoja kwa kila jibu. Swali ambalo wote walilipata, akalitupa. Swali ambalo wote walishindwa, akalitupa. Kuna swali lililotushangaza, dhaifu walilipata kama wazuri. Akalitupa, akasema halitenganishi watu. Na lingine lilikuwa la kumweleza mgeni namna ya kubadilisha treni stesheni. Wazuri nao walikwama. Mhudumu wa nyumba ya wageni, msichana hodari, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, hapa Mtwara hakuna hata reli, nitabadilisha nini?" Tukacheka sote. Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu. Akasema lile linapima nani amewahi kupanda treni.

Yakabaki sita. Matatu ya mpaka wa kwanza: umefikaje hapa leo, nyumbani kwako wanaishi nani na wanafanya nini, niambie siku yako tangu asubuhi. Haya yaliwashinda watu wa chini, wa kati na wa juu wakayamudu. Matatu ya mpaka wa pili: nisimulie jambo lililokupata wiki iliyopita, mwanzo mpaka mwisho; mimi ni mteja na kitu ulichoniuzia kimeharibika, zungumza na mimi; ungebadilisha nini hapa mjini, na kwa nini. Haya yaliwakwamisha wa kati, wa juu wakayavuka.

Kanuni ilikuwa fupi. Unaanza na matatu ya kwanza. Ukijibu mawili au yote, unasogezwa kwenye matatu ya pili. Ukijibu moja au hakuna, unaenda darasa la chini, na yale magumu huyasikii kabisa, huendi nyumbani nayo kichwani. Kwenye matatu ya pili ni vilevile: mawili au yote, juu; pungufu ya hapo, kati. Mwenye yote au sifuri yuko wazi. Mwenye moja au mawili ni mtu wa mpakani, anawekewa alama pembeni ya jina, mwalimu amtazame upya baada ya wiki mbili.

Akaandika pia nini kinahesabiwa kuwa jibu. Ameeleweka bila kusaidiwa, na amesema mambo yasiyopungua mawili. Si lazima aseme kwa usahihi. Tulijipima mimi na yeye kwa watu wanane, kila mmoja akitia alama zake bila kumwonyesha mwenzake. Kwa watu saba tulilingana. Kwa wa nane nilimpa alama kwa sababu namjua baba yake.

"Mzee," akasema.

"Nimeelewa."

"Baba yake hasomi hapa."

"Nimesema nimeelewa, mwanangu."

Sasa siku yenyewe. Walikuja watu arobaini na wawili. Mwalimu alidhani watakuja ishirini. Akanitazama, nikamwambia nipe nusu. Aliuliza kama nitasoma maswali kama yalivyo kwenye kadi. Nikakasirika kidogo, nikamwambia nimesomea watu orodha za mizigo kabla hajazaliwa. Akanipa kadi, akaingia chumbani na watu wake ishirini na mmoja. Mimi nikaweka meza mlangoni pa ghala, nikaketi na wangu.

Wa kwanza wangu alikuwa rika langu, muuza samaki wa Msimbati. Tuliingia jando msimu mmoja. Wageni wa visima vya gesi wanapita kwenye meza yake ya pweza wakielekea ufukweni, naye hawezi kuwaambia hata bei. Amepanda pikipiki mwendo wote ule, amevaa kanzu safi na kofia. Nikasoma kadi: umefikaje hapa leo? Akanitazama. Jasho likamtoka chini ya kofia. Watu wapo nyuma yake kwenye mstari, wengine wa umri wa wanawe.

Sikuweza. Mniseme mnavyotaka. Nikaligeuza swali. Nikamuuliza kwa Kiingereza, umekuja na pikipiki?

"Yesi," akasema, uso ukamfunguka.

Nyumbani una mke na watoto?

"Yesi."

Asubuhi unaamka, unaswali, unakwenda kuuza samaki?

"Yesi, yesi."

Tatu kwa tatu. Nikamsogeza mpaka wa pili. Wiki iliyopita ulipata shida? Yesi. Mteja akilalamika utamsikiliza? Yesi. Mtwara inahitaji barabara nzuri? Hilo alilijibu kwa sauti kubwa. Nikamwandika darasa la juu, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Baada ya hapo nikaona ndivyo wema unavyotakiwa kuwa. Wote wangu ishirini na mmoja wakapita hivyo. Mama mmoja wa kikundi cha kubangua korosho, mtu wa maneno mengi sokoni, alikaa mbele yangu ameinamisha macho, akanijibu yesi sita, akaondoka kinyumenyume kama anatoka mbele ya imamu. Nilijisikia vizuri. Jioni mwalimu alipokusanya karatasi alisema, "Watu wako wengi wa juu." Nikamwambia watu wangu ni wazuri.

Wiki ya kwanza darasa la juu lilikuwa na watu ishirini na saba, wamebanana, na kimya. Nilikuwa napita kwenye ukumbi nasikia sauti ya mwalimu peke yake, anauliza, anasubiri, anajijibu. Wiki ya pili Jumatatu wakapungua wanne. Jumatano wengine watatu. Rika langu wa Msimbati hakuonekana. Mwalimu alikuja na daftari, macho mekundu. Alidhani maswali yake ni mabovu. Alisema labda mipaka ameiweka pabaya, labda watu wachache aliowajaribia hawakutosha, labda maswali sita hayawezi kazi hii kabisa. Akawa anajilaumu, nami nimekaa nasikiliza kama vile hainihusu.

Kisha akageukia karatasi. Alikuwa amepanga karatasi mafungu mawili, zake na zangu. Zake: saba chini, nane kati, sita juu. Zangu: zote juu.

"Mzee. Huyu wa Msimbati ulimuulizaje?"

"Kama ulivyoandika."

"Niulize mimi. Jifanye mimi ndiye yeye."

Nikajikohoza. Nikamuuliza kama alikuja na pikipiki.

"Yesi," akasema.

Nikamuuliza kama ana mke na watoto.

"Yesi," akasema mwalimu, binti wa watu, hana hata mchumba.

La tatu sikuliuliza. Hakucheka, na mimi sikucheka. Alisema taratibu kwamba swali la ndiyo na hapana hata asiyesikia neno moja analipata nusu ya mara kwa kubahatisha. Na hapa si kubahatisha tu.

"Hapa mtu anakuambia yesi kwa kuwa ni wewe umeuliza. Nani atakuambia hapana, mzee? Nani atakuambia sijaelewa?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ana kiburi cha kusoma, kwamba adabu ya watu wa huku haijui, kwamba mimi niliwasitiri. Nikatoka. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha kubangulia, kwa yule mama wa yesi sita, nipate mtu wa kunitetea. Alikuwa amekaa na wenzake, viganja vyeusi kwa mafuta ya maganda. Alikuwa mmoja wa wale saba walioacha.

"Kwa nini huji darasani?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwa nini huji?"

Akatazama wenzake. "Mzee, kule ndani wanasema vitu vikubwa. Mimi sisikii hata kimoja. Nakaa kama furushi."

"Si uliniambia yesi?"

"Nilikwambia yesi kwa sababu ni wewe. Ungeniuliza kama mimi ni pweza ningekwambia yesi."

Wenzake walipasuka kwa kicheko, mmoja akaangusha sinia. Yeye mwenyewe alijifunika mdomo kwa upande wa mkono ulio safi, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia usiombe. Nilisimama pale jua kali, na kitu alichonionyesha mwalimu kwa adabu nikakiona kwa huyu bila adabu. Miaka yote nimefukuza vijana waliokuwa wanachota korosho za juu ya gunia tu, zile nzuri alizozipanga mwenye mzigo, wakaandika daraja la kwanza. Nilikuwa nawaita wezi. Hawakuwa wezi wote. Wengine waliogopa tu kumuudhi mwenye mzigo.

Nilirudi kwa mwalimu. Sikusema samahani, sijui kulisema hilo neno vizuri, nalikwepa tangu ujana. Nilimwambia, "Nitawarudisha mimi. Ila uwaulize wewe."

"Nikiwauliza mimi wewe umekaa pale mlangoni, watasema yesi vilevile," akasema. "Hapa ni kwako."

"Basi nitaondoka."

"Usiondoke." Alifikiri, anabonyeza kalamu yake. "Wanatakiwa waone kwamba hapa mtu anaweza kusema sijui na mbingu zisianguke. Wewe umewahi kuyajibu haya maswali, mzee?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nayauliza.

"Ndiyo maana nakuuliza."

Siku tatu nilizunguka. Nilikwenda dukani kwa huyu, kituo cha pikipiki kwa yule, kibandani kwa mama wa korosho. Msimbati nilikwenda mwenyewe. Rika langu alikuwa anakata pweza. Nilimwambia nilikudanganya, nikakuweka mahali pasipo pako. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, ila alidhani mimi sijui, akaogopa kunitia aibu. Alikuwa ameacha shule ili kunisitiri mimi. Tukatazamana kama wajinga wawili.

"Utarudi?"

"Kuna nini kule?"

"Njoo Ijumaa baada ya alasiri uone nikihojiwa."

"Wewe? Na nani?"

"Na yule binti."

Akaweka kisu chini. "Hilo nitakuja hata kwa miguu."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wote ishirini na mmoja wangu walikuja, na nadhani wengine walikuja kwa tamaa ya kuniona nikianguka. Mwalimu aliweka viti viwili mbele. Akasema kwa Kiswahili kwamba leo ataanza na mwenye nyumba, ili watu waone kazi ilivyo. Akasoma kadi, neno kwa neno.

Umefikaje hapa leo? Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha winchi, nimetembea kutoka nyumbani, jua kali, nimepita sokoni. Sawa. Nyumbani wanaishi nani? Nikawataja. Siku yako? Nikaieleza. Tatu kwa tatu. Rika langu akapiga makofi, nikamtazama akaacha.

Akasogea kwenye kadi ya pili. Nisimulie jambo lililokupata wiki iliyopita, mwanzo mpaka mwisho.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jambo, jamani, nilikuwa na jambo kubwa kuliko wote mle ndani. Niseme nilikasirika, nikatoka, nikaambiwa habari ya pweza, nikaelewa. Lakini maneno niliyoyajua yalikuwa ya kuinua, kushusha, hesabu, simama, haraka. Hakuna baharia aliyewahi kuniambia habari ya moyo wake. Nilianza sentensi, nikarudi, nikaanza tena. Kofia ikaanza kunibana. Mwalimu hakunisaidia hata kwa jicho. Alisubiri kama kanuni inavyosema.

"Sijui," nikasema kwa Kiingereza. Kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Nimekwama. Sijui."

Swali la mteja nililipata, kugombana najua. La tatu lilinishinda pale penye kwa nini. Moja kwa tatu. Mwalimu akaandika kwenye karatasi na kunionyesha mbele ya watu: darasa la kati, na alama ya mpakani pembeni.

"Umeonewa!" akapaza sauti mtu nyuma.

"Sijaonewa," nikasema. "Amenipima. Nani anafuata?"

Mama wa korosho aliinuka wa kwanza. Alikaa mbele ya mwalimu, akaulizwa amefikaje. Akafikiri, akasema kwa Kiingereza neno moja, miguu. Lingine hakuwa nalo. Akageuka akanitazama, mimi nikatazama dari. Akarudi kwa mwalimu akasema, wazi kabisa, hajui. Ukumbi ulicheka, kicheko kizuri, naye akacheka nao. Familia yake aliieleza, watoto wanne na kazi zao, ameeleweka. Siku yake ikamshinda. Moja kwa tatu, chini, mpakani. Rika langu alipata sifuri na alitangaza sifuri yake kwa fahari kana kwamba ameshinda uchaguzi. Kufika magharibi wote walikuwa wamepimwa: kumi chini, saba kati, wanne juu. Haikuchukua hata dakika tano kwa mtu.

Jumatatu iliyofuata nilikaa darasa la kati, kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe, na mlinzi wa mitambo ya gesi upande mmoja, kijana mmoja wa pikipiki upande mwingine. Darasa la juu nikawasikia ng'ambo ya ukuta wanabishana kwa Kiingereza, wengi wakisema kwa pamoja. Chini walikuwa wanaimba siku za juma, na sauti ya rika langu ikawa juu ya zote, imechelewa nusu siku nyuma ya wenzake.

Wiki mbili zikatimia. Mwalimu alipitia majina yenye alama pembeni, akaongea na kila mmoja kidogo. Alinieleza kwamba maswali machache hayana budi kukosea watu wachache, na wanaokosewa wengi wako pale mpakani, kwa hiyo kukosea si kosa mradi njia ya kurekebisha iko wazi. Aliwahamisha watatu. Wawili walipanda, mmoja akashuka kwa hiari yake, alisema anataka kuanza vizuri. Mimi aliniacha nilipo. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika sana.

Mama wa korosho alikuwa mmoja wa waliopanda. Lakini darasa la chini mlango wake uko nyuma; kwenda la kati ilibidi utoke nje, uzunguke ghala, upite mbele ya watu wote wa barabarani na daftari lako mkononi, kila mtu aone umehamishwa. Yeye aliipita ile njia akiwa amejifunika khanga mpaka puani. Mwalimu aliona. Siku ya pili akaja kwangu, akakaa kwenye kiti safari hii.

"Mzee, nina ombi. Muhula ujao pia watahama watu. Na ule wa baadaye."

Nilisikia hayo maneno, muhula ujao na ule wa baadaye, nikajifanya natafuta miwani.

"Sema."

"Ukuta ulio kati ya darasa la chini na la kati. Tunaweza kutoboa mlango?"

Nikamwita fundi siku hiyohiyo. Alipima ukuta, akaugonga gonga, akauliza mlango upande upi utafunguka. Mwalimu akasema usiwe na upande, wala usiwe na kitasa. Uwe uwazi tu, mtu apite kwenda na kurudi. Fundi akanitazama mimi mwenye nyumba, anangoja nimkatalie. Nikamwambia afanye alivyoambiwa, na asiliache vumbi, jioni tuna somo.